Taa zenye mikia: zima kizuia mtikisiko kabla ya kupiga picha ya sekunde 25 juu ya tripodi

Wiki jana mpwa wangu alinijia na kamera begani, uso umemshuka. Jioni mbili mfululizo alikuwa amesimama ng'ambo ya Nyali akiupiga picha Mji wa Kale unapowasha taa, na kila picha ilitoka na ukungu. “Mjomba, tripodi hii mbovu,” akaniambia. “Ninunue nyingine?” Nikamwambia asinunue kitu. Kwanza anikuzie picha moja nione taa.

Alipoikuza, nikamwonyesha taa ya ukutani, upande wa Ngome ya Yesu. Taa hiyo imefungwa kwenye jiwe na haina pa kwenda. Ilipaswa kuwa nukta. Badala yake ilikuwa na kamkia kadogo kalikopinda kama koma. Taa ya jirani yake ilikuwa na koma ile ile, na ya kule pembeni kabisa ya picha vile vile, zote zimeelekea upande mmoja. Nikaitazama lenzi yake: swichi ya `STABILIZER`, yaani ya kizuia mtikisiko, ilikuwa kwenye `ON`. Mimi tatizo hili liliwahi kunila jioni tatu, nikining'iniza mfuko wa mawe kwenye tripodi na kulaumu upepo wa kusi, kwa hiyo naandika hapa kila nilichomweleza.

Hatua ya 1: Simamisha kamera

Miguu mizito chini, nguzo ya katikati usiipandishe, kichwa kaza. Fokasi ifanye kwenye taa ya mbali kisha ihamishie kwenye `MF`, yaani fokasi ya mkono. Tumia rimoti, au taimeri ya sekunde 10. Ile ya sekunde 2 siipendi, kwa sababu mguso wa kidole unakuwa bado haujatulia, hasa kwenye tripodi nyepesi. Mpwa wangu alikuwa kwenye milimita 100, f/11, ISO 100, sekunde 25, na hapo hakuwa na kosa lolote.

Hatua ya 2: Jua ukungu wako ni wa aina gani

Kuza picha hadi asilimia 100 na utazame taa zilizofungwa kwenye majengo. Taa za mashua usizihesabu, maana mashua iliyotia nanga inayumba, na ndani ya sekunde 25 taa yake lazima ijichore. Ikiwa mashua tu ndizo zenye ukungu na kuta ziko safi, picha yako ni nzima.

Taa zikiwa viduara vilivyovimba pande zote, fokasi imekosea. Zikiwa zimevuta kuelekea chini au juu, na kila picha inayofuata mandhari yote inazidi kusogea upande ule ule, kichwa cha tripodi kinalegea kwa uzito wa lenzi. Upepo nao huacha alama ya kwenda na kurudi, taa inakuwa kama imekwaruzwa mahali pamoja, na hubadilika upepo unapotulia.

Kizuia mtikisiko kina alama yake. Mkia ni mwembamba, umepinda taratibu, unafanana kwenye taa zote za picha moja, lakini picha inayofuata unaelekea kwingine kabisa. Alama nyingine ni kwamba mandhari husogea kidogo baina ya picha na picha ilhali hujaigusa kamera, mara kushoto, mara chini. Tripodi mbovu haifanyi hivyo, yenyewe huelekea upande mmoja tu.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini kinafanya hivyo

Ukishika kamera mkononi, vihisi vidogo ndani yake, viitwavyo jairo, hupima kamera inageuka kwa kasi gani. Kompyuta ya kamera hujumlisha kasi hiyo kupata pembe, kisha sumaku husogeza kipande cha kioo ndani ya lenzi, au sensa yenyewe kwenye kamera za aina nyingine, kuelekea upande wa kuifuta pembe hiyo.

Shida ni kwamba jairo halipimi mahali kamera ilipo, linapima kasi tu, na hakuna jairo linalosoma sifuri kamili kamera inapotulia. Huwa kuna kosa dogo linalopanda na kushuka. Kamera ikiwa kwenye tripodi, kosa hilo ndilo jambo pekee ambalo kizuia mtikisiko kinalisikia, na hakina njia ya kujua kuwa si mkono wako. Kinaanza kusahihisha mtikisiko usiokuwepo, na kila sekunde kosa linajumlishwa juu ya kosa.

Nilimpigia hesabu mpwa wangu kwa nambari ya mfano tu. Tuseme jairo linakosea nyuzi 0.001 kwa sekunde. Kwa sekunde 25 hiyo ni nyuzi 0.025. Kwenye lenzi ya milimita 100, pembe hiyo husogeza taswira juu ya sensa kwa milimita 0.044 hivi. Sensa kubwa ya pikseli milioni 24 ina pikseli zenye upana wa milimita 0.006, kwa hiyo taa imetembea pikseli saba. Hiyo ndiyo koma yetu. Kosa lile lile kwa sekunde 1/60 halifiki hata sehemu ya mia ya pikseli, ndiyo maana mchana mkononi kila kitu kinang'aa na hushuku lolote. Na ukirudi kwenye milimita 24, zile sekunde 25 zinakupa chini ya pikseli mbili, wengi wasiione. Ndiyo sababu kuna watu wanaoapa kuwa wanakiacha kimewashwa na hakina neno. Waulize lenzi gani na sekunde ngapi.

Kamera hazijumlishi hivi bila breki. Zina utaratibu wa kukirudisha kile kioo katikati polepole. Lakini kurudi huko pia ni kusogea, na shata ikiwa wazi kunajichora vile vile. Ndiyo maana mkia unapinda badala ya kunyooka.

Kwa sisi wa Mombasa kuna jambo la ziada. Kosa la jairo hubadilika na joto. Ukiitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi ukaiweka moja kwa moja kwenye joto la ufukweni, robo saa ya mwanzo mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi, achilia mbali umande unaoshika kioo cha mbele. Mimi huiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje.

Hatua ya 4: Kizime, na uhakikishe kimezimika kweli

Hatua hii inaonekana ni ya sekunde moja, na ndiyo iliyonila jioni zangu. Mara ya kwanza nilidhani nimezima, kumbe nilizima nusu.

Tafuta kwanza swichi ubavuni mwa lenzi. Canon huandika `STABILIZER` au `IS`, Nikon `VR`, Sony `OSS`, Fujifilm `OIS`, Tamron `VC`, Sigma `OS`. Isukume kwenye `OFF`. Iguse ukiwa umeishika lenzi kwa mkono wa pili, maana swichi ngumu inaweza kuisogeza kamera. Ukishazima, tazama tena mandhari: kile kioo kinaporudi mahali pake pa kupumzikia, picha kwenye skrini huruka kidogo, na ukuta ulioupanga sawasawa unaweza kuwa umesogea. Panga upya.

Kisha ingia kwenye menyu ya kamera, maana kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi zina kizuia mtikisiko cha pili kwenye sensa. Kwenye Sony tafuta `SteadyShot`, kwenye Nikon Z ni `Vibration reduction`. Kwenye Canon za R zenye kizuia mtikisiko mwilini, lenzi ikiwa na swichi yake, swichi hiyo ndiyo inayoamua. Ikiwa haina, unazima kwenye `IS mode`. Hapa ndipo mimi nilipokwama: lenzi yangu ya zamani haikuwa na swichi wala kioo kinachosogea, nikasema basi hakuna cha kuzima, kumbe sensa ilikuwa inaelea usiku kucha.

Mwenye Nikon ya DX na lenzi ya 18-55 ya AF-P yenye VR asitafute swichi kwenye lenzi, haipo. Iko kwenye menyu, `Optical VR`. Kamera za zamani ambazo menyu yake haina mstari huo haziwezi kukizima, na kwa picha ndefu ningemshauri atumie lenzi nyingine badala ya kubahatisha.

Na kama unatumia `C1` au `C2` kwenye gurudumu, zima ukiwa tayari ndani ya mpangilio huo. Kwenye baadhi ya kamera, ukigeuza gurudumu baada ya kuzima, mpangilio uliohifadhiwa unakiwasha tena bila kukuambia.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa picha nne

Usiniamini mimi, iamini kamera yako. Usisogeze tripodi wala fokasi. Piga sekunde 25 kikiwa kimewashwa, kisha kimezimwa, kisha kimewashwa, kisha kimezimwa. Kupishana huku ni muhimu, kwa sababu ukipiga mbili za kwanza kimewashwa na upepo ukatulia baadaye, utakisingizia kisichohusika. Kila ukigusa swichi, subiri kidogo kabla ya kubonyeza rimoti.

Tulirudi Nyali baada ya magharibi tukafanya hivyo. Picha ya kwanza, taa ya ngome ilivuta juu kulia. Ya tatu ilivuta chini, na pembe ya ukuta ilikuwa imehama kidogo kutoka pale ilipokuwa kwenye ya kwanza. Ya pili na ya nne zilikuwa nukta, na ukizipandisha moja juu ya nyingine zinalingana. Tripodi ni ile ile aliyotaka kuitupa.

Wakati wa kukiacha kimewashwa

Kuna lenzi zinazotambua tripodi na kujituliza zenyewe. Kwa picha za kasi ya kawaida siwabishii watengenezaji. Kwa shata ya sekunde nzima na kuendelea nazima tu, na miongozo ya lenzi kadhaa za Canon yenyewe inasema uzime unapotumia `Bulb`. Utambuzi huo pia unaweza kudanganyika ukisimama kwenye gati la mbao linalotetemeka watu wanapopita: kamera haijatulia kama tripodi wala haiyumbi kama mkono. Hapo kuzima hakuondoi mtetemo wa mbao, kwa hiyo hama, nenda kwenye saruji.

Kwenye tripodi ya mguu mmoja, au lenzi ndefu juu ya kichwa kilicholegezwa ili kufuata ndege kwa shata ya 1/250, kiwashe. Hapo mtikisiko upo kweli, na muda ni mfupi mno kwa kosa kujumlika.

Ukimaliza, kabla ya kukunja tripodi, rudisha swichi kwenye `ON`. Mpwa wangu nimembandikia kipande cha utepe mweupe kwenye kifuniko cha lenzi, kimeandikwa “swichi”. Hawezi kukifunika kioo bila kukisoma.