Jinsi ya kuomba mbolea imwagwe kwa zoni: kuanzia data ya kombaini hadi faili ya spreda (Njoro, Rongai na majirani)

Ukienda kwa kontrakta mwenye spreda ya kompyuta ukamwambia unataka mbolea nyingi pale na kidogo hapa, kitu cha kwanza atakuuliza ni faili iko wapi, ile ya kuambia spreda kila mahali pamwagwe kiasi gani. Na hiyo faili hakuna ofisi moja inaitoa, unaiomba vipande vipande: data ya mavuno kwa mwenye kombaini, kipimo cha EC (yaani vile umeme unapita kwa udongo) kwa mwenye mashine ya kupima, na majibu ya udongo kwa maabara. Naandikia mtu wa ngano au mahindi huku kwetu mwenye ekari kama 30 kwenda juu. Chini ya hapo kusema ukweli gharama ya kupima inaweza kula faida yote, heri utembee shamba na jembe uchimbe ujionee.

Data ya mavuno: iombe kabla kombaini haijaingia

Wengi wetu tunakodisha, na dereva akimaliza kwako jioni kesho asubuhi yuko Narok, data ikifutwa kwa monita ndio hivyo imeenda. Kwa hivyo wakati mnapatana bei, patana pia mambo mawili. Moja, sensa ya kombaini inayopima mavuno ilinganishwe na mizani: trela la kwanza lipimwe uzito, na huo uzito uingizwe kwa monita. Pili, akimaliza akuwekee data ghafi kwa flashi. Usikubali PDF ya rangi rangi, hiyo ni ya kuonyesha wageni, huwezi kuifanyia hesabu. Data ghafi ni nukta, moja kila sekunde moja au chache hivi, na kila nukta ina mahali ilipo, uzito, unyevu wa nafaka, kasi na upana wa kichwa cha kombaini.

Hiyo data ikifika ni chafu, lazima isafishwe. Nafaka inachukua kama sekunde 10 hadi 15 kutoka inapokatwa hadi ifike kwa sensa, na kama mashine imehesabu vibaya huo muda, mavuno yanaandikwa mita kadhaa mbele au nyuma ya mahali yalitoka. Utajua aje? Angalia mpaka kati ya sehemu nzuri na mbaya: kama mistari iliyoenda na iliyorudi inachongoka kama meno ya msumeno, muda uko off. Halafu futa nukta za mwanzo wa kila mstari, za mahali dereva alishika breki, na zile za kichwa kilichobeba nusu, maana mashine inadhani kichwa kimejaa kwa hivyo inaandika nusu ya mavuno na wewe unaanza kulaumu udongo. Kuna programu ya bure ya USDA inaitwa Yield Editor, imetengenezwa kwa kazi hii tu.

Omba data ya misimu mitatu kama ipo. Msimu mmoja unakuonyesha hali ya hewa ya huo mwaka zaidi ya vile unakuonyesha shamba.

Kipimo cha EC: cha kuuliza kabla ulipe

Mashine ni aina mbili utasikia sana. Veris inavutwa na trekta na ina visahani vya chuma vinavyoingia udongoni, EM38 haigusi udongo, inavutwa juu kwa sleji. Zote zinatoa mS/m. Mwambie mwenye mashine mistari iwe mita 15 hadi 20 kutoka mmoja hadi mwingine, shamba lote limalizwe siku moja, na akupe CSV yenye koordineti, EC ya kina cha juu na EC ya kina cha chini. Akipima nusu leo na nusu baada ya mvua utaona mpaka umenyooka katikati ya shamba, na huo sio wa udongo, ni wa kalenda.

Udongo uwe na unyevu wa kutosha bila kuwa matope. Ukiwa mkavu kabisa visahani vya Veris havishiki vizuri, na utaona namba zinaruka au hata zinaenda chini ya sifuri, hiyo ukiiona usilipe. EM38 nayo inasumbuliwa na chuma, kwa hivyo ua wa waya, laini ya stima na hata trekta ikiwa karibu sana vinaiharibu.

Sasa sikiza hapa kwa makini. EC haipimi mbolea. Shamba la juu huku Njoro udongo ni wa volkeno, na EC ya chini mara nyingi inamaanisha changarawe ya pumisi au udongo usio na kina, ya juu inamaanisha mfinyanzi na maji zaidi. Lakini ukishuka kuelekea ziwa Nakuru au Elementaita, EC ya juu inaweza kuwa chumvi tupu. Na pahali palikuwa na boma la ng'ombe zamani panaweza kung'aa kwa ramani hata baada ya miaka mingi. Namba ni moja, sababu tofauti, ndio maana huwezi kuigeuza kuwa mbolea moja kwa moja.

Kuunganisha ramani mbili

Tumia QGIS, ni programu ya ramani ya bure. Kwanza weka data zote kwa projeksheni ya mita. Hapa kuna mtego wa huku kwetu: mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita kati ya Njoro na Nakuru mjini, kwa hivyo Njoro ni `EPSG:32736` na Nakuru mjini ni `EPSG:32737`. Chagua moja kwa kila kitu, usichanganye.

Weka gridi ya mita 10, chukua wastani wa kila kijisanduku, halafu geuza kila msimu kuwa asilimia ya wastani wake ndio mwaka wa ukame usipigwe na mwaka wa mvua. Kwa Field Calculator:

```
"mavuno" / mean("mavuno") * 100
```

Tuchukue mfano, ekari 60 za ngano. Wastani wa shamba kwa misimu mitatu ni gunia 14, 9 na 16 kwa ekari, na ile ya 9 ndio ya ukame. Bondeni kuna kijisanduku kilitoa 18, 11 na 17, hiyo ni asilimia 129, 122 na 106, iko juu kila mwaka. Kule kwa mgongo wa mlima kingine kimetoa 10, 4 na 14, yaani 71, 44 na 88. Ona vile mwaka wa ukame kimeanguka kuliko shamba lingine lote. EC yake ni 6, bondeni ni 22. Hapa ramani mbili zinasema kitu kimoja: udongo wa mgongoni haushiki maji, na kuuongezea naitrojeni ni kumwaga pesa.

Halafu kuna kona ya tatu, EC 48 lakini mavuno ni kama asilimia 60 kila msimu, mvua ije isije. Ungeangalia EC peke yake ungeiweka pamoja na bondeni uipe mbolea kibao. Ramani zikigongana hivyo usitafute wastani wake, kata hapo pawe zoni yake na uende ukachimbe.

Ukitaka kompyuta ikusaidie kugawa, angalia sana: ile K-means clustering inayokuja na QGIS inagawa nukta kwa mahali zilipo, haiangalii mavuno wala EC yako. Tumia Management Zone Analyst, ni ya bure pia, inagawa kwa thamani na inakuonyesha zoni ngapi zinatosha. Mara nyingi ni mbili hadi nne. Baadaye tumia `Sieve` ya QGIS kufuta vidoa vidogo, kwa sababu spreda inayorusha mita 24 haiwezi kubadilisha kipimo kwa kiraka cha mita 10, itakipita tu.

Fomu ya maabara

Hapa ndio watu wanaharibu kazi yote, wanajaza fomu moja ya "shamba". Iwe unapeleka KALRO Kabete au maabara ya binafsi, kila zoni ni sampuli yake na laini yake kwa fomu. Ndani ya zoni tembea zigizaga, chota mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, changanya kwa ndoo ya plastiki (ya mabati inaweza kuingiza zinki kwa majibu), toa kama nusu kilo, kausha kivulini. Ruka kichuguu, boma la zamani na chini ya miti. Jina la sampuli liwe lile lile la zoni kwa ramani, Z1, Z2, Z3, sio "juu" na "chini", maana majibu yakirudi utakuwa umesahau juu ni gani. Jaza zao ulilovuna, zao utakalopanda, na vipimo unavyotaka: pH, fosforasi, potasiamu, kaboni. Kwa ile kona ya EC 48 ongeza sodiamu na EC ya maabara.

Tuseme hiyo kona ndio Z3, na imerudi na pH 8.4 na sodiamu juu. Basi shida yake sio ukosefu wa mbolea. CAN haiwezi kuondoa sodiamu, hapo ni mifereji na jipsamu, ama uache nyasi.

Faili ya mwisho

Zamani ungemwaga CAN kilo 50 kwa kila ekari, jumla kilo 3,000. Sasa Z1 ya bondeni ekari 24 ipewe 75, Z2 ya mgongoni ekari 26 ipewe 40, Z3 ekari 10 ipewe 15. Jumla ni kilo 2,990, karibu pesa ile ile ila imehama. Hizo namba ni za mfano, zako upange na agronomisti akiwa na majibu ya maabara mkononi.

Muulize kontrakta monita yake inasoma kipimo gani. Nyingi zinasoma kwa hekta, kwa hivyo zidisha na 2.47: 185, 99 na 37. Ukimpa 75 ikasomwa kwa hekta, Z1 itapata kilo 30 kwa ekari na hakuna kengele italia. Toa ramani ya zoni kama shapefile kwa `EPSG:4326`, na flashi ibebe `.shp`, `.shx`, `.dbf` na `.prj` zote. Jina la kolamu lisizidi herufi 10, mfano `CAN_KGHA`. Monita za John Deere zinataka ziwe ndani ya folda inaitwa `Rx`.

Kabla aanze, mwombe aache mstari mmoja wa kulinganisha, wa kipimo cha zamani, kilo 50 kwa ekari, ukikata zoni zote tatu, upana utoshe kombaini kupita ndani bila kugusa pembeni. Akimaliza omba faili ya vile mbolea ilimwagwa kweli, maana spreda ikipanda mlima ama mbolea ikiwa na unyevu hairushi sawa na ile ramani, na wakati wa kuvuna utataka kujua ngano ililishwa nini hasa.