Kabla ya Kusaini Malengo ya Mwaka: Mambo ya Kuzingatia ili Tathmini ya Mwisho Isilete Mabishano

Kampuni nyingi binafsi za Dar es Salaam huandikisha malengo ya wafanyakazi wao mwezi Januari, ilhali taasisi za umma hufanya hivyo kuelekea Julai 1, siku unapoanza mwaka wa fedha wa Serikali. Wanaotoka utumishi wa umma wanazikumbuka fomu za OPRAS za kupima utendaji zilizoanza kutumika mwaka 2004, na sasa utumishi huo umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Fomu na mifumo hutofautiana, lakini swali la mwisho wa mwaka halibadiliki: je, mtu huyu alifikia alichokubaliana nacho? Swali hilo hujibika kwa urahisi pale tu ambapo jibu lake liliandaliwa kabla mwaka haujaanza, na ndiyo maana maandalizi ninayoyaeleza hapa yote hufanyika kabla ya saini.

Ili tusizungumze juu juu, tuchukue ofisi moja ya wakala wa forodha kule Kurasini, yenye ofisa anayeshughulikia nyaraka za mizigo inayoingia nchini. Mkuu wake anataka aandike lengo la mwaka, na rasimu ya kwanza inasomeka hivi: “Kuboresha kasi ya kutoa mizigo ya wateja.” Hakuna anayelipinga lengo hilo, na hapo ndipo tatizo lilipo. Desemba ofisa atasema kasi imeboreka, mkuu atasema wateja bado wanalalamika, na wote wawili watakuwa na mifano ya kweli ya kuonyesha.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kutenganisha lengo na matokeo yatakayolithibitisha. Lengo linaweza kubaki sentensi ya kawaida inayoeleza tunakotaka kufika: mteja asilipie gharama za kuhifadhi kontena bandarini au kwenye bandari kavu kwa sababu ya uzembe wetu. Matokeo makuu ni vipimo viwili au vitatu chini ya lengo hilo, na kila kimoja kinapaswa kupita mtihani mmoja ambao mimi naupa uzito kuliko yote: watu wawili wasioelewana, wakipewa daftari lile lile Desemba, wapate namba ile ile. Kipimo kisichopita mtihani huo ni matumaini tu, hata kikiandikwa kwa asilimia.

Ofisa wetu hawezi kuahidi siku ambazo kontena litatoka getini, kwa kuwa kuna meli, ukaguzi, malipo ya kodi ya mteja na foleni ya malori katikati. Anachokimiliki ni kipande kimoja cha safari hiyo, yaani muda kuanzia nyaraka zinapokamilika mezani kwake hadi tamko la forodha linapowasilishwa kwenye mfumo wa TANCIS. Kumpima kwa safari nzima ni kumwadhibu kwa kazi ya wengine, au kumtuza kwayo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika namba yoyote, ofisa na mkuu wake wachore mstari unaoonyesha kazi inaanza wapi mikononi mwake na inaishia wapi.

Mstari huo unahitaji umakini mkubwa, kwa sababu mabishano mengi huzaliwa kwenye maneno yanayoonekana hayahitaji maelezo. Chukua maneno “nyaraka zinapokamilika.” Mteja anaweza kutuma picha ya ankara kwa WhatsApp Ijumaa jioni, orodha ya mzigo ikafuata Jumatatu, na hati ya shehena ikafika Jumanne mchana. Mkuu anaweza kuhesabu kuanzia Ijumaa, ofisa akahesabu kuanzia Jumanne, na kila mmoja akawa na haki. Dawa yake ni kuandika orodha fupi ya nyaraka zinazohitajika, kisha kukubaliana kwamba saa inaanza kuhesabiwa siku ambayo nyaraka ya mwisho katika orodha hiyo imeingizwa kwenye rejista ya ofisi, na kwamba siku zinazohesabiwa ni za kazi. Ikiwezekana rejista iandikwe na mtu wa mapokezi badala ya ofisa anayepimwa, si kwa sababu haaminiki, bali ili asije akatuhumiwa baadaye bila kosa.

Jambo la pili ni kianzio. Namba inayotakiwa Desemba haina maana bila namba ya leo, na namba ya leo haipatikani kwa kukisia kwenye kikao. Ofisi yetu ya mfano ichukue majalada 50 ya mwisho ya mwaka uliopita, bila kuyachagua, na kuyapitia kwa ufafanuzi huo huo mpya. Tuseme inaonekana kwamba majalada 27 kati ya 50, yaani asilimia 54, yaliwasilishwa ndani ya siku 2 za kazi, na kwamba matamko 9 kati ya hayo 50, yaani asilimia 18, yalirudishwa kurekebishwa kwa makosa ya ofisi yenyewe. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima, na ni siku iliyotumika vizuri. Bila kianzio, mkuu mkali atadai asilimia 98 na mkuu mpole atakubali asilimia 60, na hakuna kati yao anayejua alichokiomba.

Sasa vipimo vinaweza kuandikwa. Cha kwanza: asilimia 85 ya majalada ya mwaka yawasilishwe ndani ya siku 2 za kazi, kutoka asilimia 54. Cha pili: matamko yanayorudishwa kwa kosa letu yasizidi asilimia 8, kutoka asilimia 18. Viwili hivi vimewekwa pamoja kwa makusudi. Ukimpima mtu kwa kasi peke yake, atapeleka matamko haraka yakiwa na thamani au maelezo ya bidhaa yasiyo sahihi, na mteja ataulipia upungufu huo kwa ucheleweshaji mkubwa zaidi. Kila kipimo cha wingi au kasi kiwe na mwenzake wa ubora, na iandikwe mapema kwamba makosa yakizidi asilimia 12, kasi haitapewa daraja la juu hata ikifika asilimia 100.

Jambo la tatu ndilo ninaloona linasahaulika zaidi: andikeni madaraja ya tathmini kabla ya mwaka kuanza. Haitoshi kuandika asilimia 85 kisha kuacha kimya kuhusu 84 na 93. Kwa kipimo cha kasi, ofisi yetu inaweza kukubaliana kwamba asilimia 92 na zaidi ni kuvuka lengo, 85 hadi chini ya 92 ni kulifikia, 70 hadi chini ya 85 ni kulifikia kwa sehemu, na chini ya 70 ni kutolifikia. Papo hapo iamuliwe pia namba hizo ni za aina gani. Mtindo wa malengo na matokeo makuu ulijengwa na Andy Grove katika kampuni ya Intel miaka ya 1970, na John Doerr akaupeleka Google mwaka 1999. Huko Google, alama hutolewa kati ya 0 na 1, na kwa malengo ya kujivuta, yaani yaliyowekwa juu kwa makusudi bila kutarajiwa kufikiwa yote, alama ya 0.7 huhesabiwa kuwa nzuri. Ofisi inayoazima mtindo huo halafu ikafungamanisha alama na nyongeza ya mshahara bila kueleza hayo, itakuta mfanyakazi jasiri aliyeweka namba ya juu amepata 0.7 na kukosa bonasi, huku mwenzake aliyeweka namba ya chini akivuna 1. Kila kipimo kiandikwe pembeni yake: hii ni ahadi, au hii ni ya kujivuta.

Jambo la nne ni yale yatakayoondolewa kwenye hesabu. Mfumo unaweza kukatika, mteja anaweza kubadili maelekezo baada ya nyaraka kukamilika, au mzigo ukahitaji kibali cha mamlaka nyingine. Kanuni iandikwe mapema, na iwe finyu: jalada litaondolewa iwapo tu sababu iliandikwa kwenye rejista siku ile ile ilipotokea na kuwekewa ushahidi, na mkuu akaiona ndani ya wiki hiyo. Sababu zinazokumbukwa Desemba zisikubaliwe.

Tuifuate hesabu hadi mwisho ili uzito wa kanuni hiyo uonekane. Mwaka umeisha, majalada yalikuwa 430, na 351 yaliwasilishwa ndani ya siku 2. Ukigawa moja kwa moja, unapata asilimia 81.6, na ofisa amefikia lengo kwa sehemu. Lakini majalada 18 kati ya yaliyochelewa yana maelezo ya kukatika kwa mfumo, yameandikwa siku husika na kusainiwa na mkuu. Yakiondolewa yanabaki 412, na 351 ni asilimia 85.2, yaani lengo limefikiwa. Makosa yalikuwa 31 kati ya 430, takriban asilimia 7, hivyo kipimo cha ubora nacho kimetimia. Kikao kinaweza kumaliza sehemu hii kwa dakika chache na kutumia muda uliobaki kuzungumzia kwa nini majalada 61 yalichelewa bila sababu ya nje. Kama kanuni isingekuwepo, majalada hayo 18 yangekuwa ugomvi wenyewe.

Mkuu naye ana upande wake wa kuandika. Ikiwa asilimia 85 inategemea kuajiriwa kwa msaidizi au kupatikana kwa kompyuta ya pili kufikia Machi, sharti hilo likae kwenye fomu ile ile, pamoja na kitakachotokea lisipotimia. Mwajiri anayedhani hili ni hiari asome kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa utendaji duni, huulizwa kama alikijua kiwango alichotakiwa kukifikia, kama kiwango hicho kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fomu iliyosainiwa Januari ikiwa na ufafanuzi kamili ina uzito ambao kumbukumbu ya mdomo haiwezi kuwa nao.

Kuhusu idadi sina maelezo marefu: malengo matatu yanatosha, na kila moja liwe na matokeo yasiyozidi matatu. Fomu yenye vipimo 15 haifuatiliwi na mtu yeyote ikifika Aprili.

Mwisho, wekeni utaratibu wa mabadiliko, kwa sababu kazi hubadilika. Kila robo ya mwaka, ofisa na mkuu wakae na rejista, waandike namba ya wakati huo na kusaini. Ikibidi kipimo kibadilike, kwa mfano ofisa akihamishiwa mizigo ya kwenda Zambia kuanzia Julai, cha zamani kisifutwe. Kifungwe Juni 30 na kupewa daraja kwa miezi yake sita, kisha kipya kiandikwe chini yake kikiwa na tarehe, kianzio na madaraja yake, na nakala ibaki kwa pande zote mbili.