Irabu mbili zilizojificha ndani ya i moja: kuijenga upya lugha kwa ushahidi wake yenyewe

Ili tujifunze kazi hii ipasavyo, tujifanye kwamba Kiswahili ni yatima. Kigiriama na Kidigo, ambao tunawasikia kila siku hapa Mombasa, tuwafungie mlango kwa muda. Tubaki na Kiswahili peke yake, na mabadiliko ya sauti yanayotokea neno moja linapozaa jingine.

Hatua ya kwanza: kusanya maneno yenye mzizi mmoja na sura mbili. Andika kitenzi, kisha jina la mtendaji linaloishia na i: pika na mpishi, andika na mwandishi, fuata na mfuasi, linda na mlinzi, jenga na mjenzi, gomba na mgomvi. Yapendelee maneno makongwe ambayo hayaundwi tena, kwa kuwa mtu akiunda neno leo atasema mpikaji, na umbo hilo halitakwambia lolote kuhusu zamani. Andika pia lahaja uliyonayo, si ya kamusi. Sisi wa Mombasa tunasema mwivi, ambalo linakwenda sambamba na mgomvi, kwani b imegeuka v katika yote mawili. Anayeanza na mwizi ya Kiswahili sanifu atahangaika bure kutafuta kanuni ya pili.

Kufikia hapa tunaweza kudai kwamba i hulainisha konsonanti inayoitangulia: k huwa sh, t huwa s, nd huwa nz, b huwa v.

Hatua ya pili: tafuta mahali ambapo kanuni inashindwa. Hapa ndipo penye mali. Tazama kauli ya kutendea: pikia, andikia, fuatia, lindia, ibia. Konsonanti ni zilezile na i tunaisikia ileile, lakini hakuna kilichogeuka. Jihadhari usitumie jengea au gombea kama ushahidi wa jambo hili, kwa sababu hapo irabu ni e, na e haijadaiwa kulainisha kitu.

Mtu anaweza kusema kwamba ulainishaji ni tabia ya majina tu. Dai hilo linaangushwa na vitenzi vyenyewe: waka hutoa washa, ruka hutoa rusha, ogopa hutoa ogofya. Basi tofauti haimo katika aina ya neno. Inabaki dhana moja yenye nguvu, kwamba palikuwa na irabu mbili, i kali iliyolainisha na i legevu isiyolainisha, ambazo baadaye ziliungana zikawa sauti moja, huku alama ya ile kali ikibaki kwenye konsonanti.

Hatua ya tatu: tafuta shahidi wa pili asiyemtegemea wa kwanza. Dhana iliyosimama juu ya konsonanti peke yake naiona bado changa. Kwa bahati yupo shahidi mwingine: irabu ya kutendea hufuata irabu ya mzizi, ndiyo maana tuna pikia na lindia lakini jengea, pendea na somea. Irabu ya mtendaji haijali mzizi hata kidogo: mjenzi, mpenzi, msomi, kamwe si *mjenze. Viambishi vilevile tulivyovitenganisha kwa konsonanti vinatengana tena kwa njia nyingine.

Je, ile legevu haikuwa e tu? Hapana, kwa kuwa e ya apike na alinde haigeuki i hata ikifuata i ya mzizi. Tunazo basi irabu tatu za mbele. Upande wa u unaonyesha mgawanyiko huohuo: tukuka hutoa tukufu, lakini k ya pakua imetulia.

Hatua ya nne: panga matukio kwa wakati. Mshtaki, lenye asili ya Kiarabu, lina k mbele ya i na halikuwa *mshtashi. Kwa hiyo ulainishaji ulikuwa umekwisha kufanya kazi kabla neno hilo halijaingia. Ukiliweka kwenye orodha ya kwanza bila kujua asili yake, litaonekana kama kosa la kanuni.

Hatua ya tano: kiri mahali ambapo njia inakoma. Konsonanti m hailainiki. Tukipewa msomi peke yake, bila somea pembeni, hatuna namna ya kujua i yake ni ipi, na maneno mengi yasiyo na jozi yatabaki hivyo.

Sasa fungueni mlango. Kikuyu, chenye irabu saba, kinaandika mkulima *mũrĩmi* na limia *rĩmĩra*: i ya mtendaji ni moja, ya kutendea ni nyingine, na zimetenganishwa mbele ya m ileile iliyotushinda.