Kabla Hujabonyeza "Tuma" Kwenye Barua Pepe ya Kuomba Kazi

Soma tangazo mara mbili. Wakitaka PDF, tuma PDF. Faili lipe jina lako na kazi unayoomba, si "CV mpya 3". Anwani ya mpokeaji ijaze mwisho, usije ukatuma barua nusu.

Maneno ya barua yenyewe ndiyo yanayowaponza wengi. Niliwahi kumsaidia afisa ajira kuchambua maombi ya kazi ya mtunza ghala. Barua zilikuwa mamia. Kabla ya kufungua chochote, dada yule aliona vitu vitatu tu: jina la mtumaji, kichwa cha barua na maneno machache ya mwanzo. Moja haikuwa na kichwa. Nyingine ilianza "Kichwa cha habari hapo juu chahusika", na hapo juu hapakuwa na kitu. Mwingine aliisifu kampuni isiyo yetu, maana alinakili barua ya juzi akasahau kubadili jina. Kuna aliyeweka kiungo cha wasifu kisichofunguka bila ruhusa yake. Huenda alikuwa hodari, lakini nani ana muda wa kumwomba ruhusa?

Jioni ikatokea hii, yenye kichwa "Maombi: Mtunza Ghala" na jina kamili la mwombaji:

"Ndugu Afisa Ajira, naomba kazi ya mtunza ghala mliyoitangaza. Nimetunza ghala la vipuri kwa miaka mitatu, na kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali na kuilinganisha na daftari. Wasifu na vyeti vyangu viko kwenye faili moja nililoambatisha. Namba yangu ya simu iko hapa chini. Asante kwa kusoma."

Dada akaisoma kwa sauti, akafungua faili palepale. Tangazo lilitaka mtu anayejua kuhesabu mali, na jibu lilikuwa kwenye sentensi ya pili. Wengine walikuwa nalo pia, ila walilifukia ukurasa wa tatu wa wasifu, chini ya "mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma". Wala kijana huyu hakujikunyata kwa "Mheshimiwa sana" na "nipo chini ya miguu yako". Alisalimu, akasema shida yake, akashukuru. Aliitwa kwenye usaili. Kazi ilikuwa bado haijapatikana, kwani barua kama hiyo humfanya msomaji afungue faili tu, na wasifu ukiwa mtupu ufupi hautakuokoa.

Kwa hiyo andika sentensi nne au tano, na ile ya pili ijibu sharti kuu la tangazo kwa kazi uliyoifanya kweli. Kama hujawahi kuajiriwa, taja ulichofanya kwenye mafunzo. Hakikisha kiambatisho kimo. Jitumie kwanza mwenyewe, uifungue kwenye simu. Hakiki namba ya simu, na iwe hewani. Na ukijibiwa utume hela ya fomu au ya usaili, usitume.