Mgonjwa wa warfarini aliyeandikiwa metronidazoli: mambo ya kuandaa kabla ya maswali ya jopo

Ukimaliza wasilisho lako la mwingiliano wa dawa, jopo halitakuuliza tena kama metronidazoli inaongeza nguvu ya warfarini. Hilo tayari liko kwenye slaidi. Watakuletea mgonjwa mmoja na kutaka kujua utamfanyia nini leo. Jiandae na mgonjwa kama huyu: mama wa miaka 34 mwenye vali ya bandia ya mitrali kutokana na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, anatumia warfarini miligramu 5 kila siku, na lengo lake la INR ni 2.5 hadi 3.5. Amekuja anaharisha damu, ameandikiwa metronidazoli miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku 5, na kwao ni safari ya nusu siku kwa basi.

Wengi hukimbilia kueleza kimeng'enya cha CYP2C9. Kieleze, ila kwa sentensi mbili: metronidazoli inakizuia, na hicho ndicho kinachovunja ile sehemu ya warfarini yenye nguvu zaidi, hivyo dawa inarundikana mwilini. Kisha rudi kwa mgonjwa, kwa sababu swali la kwanza la kweli ni hili: damu hiyo inatoka wapi? Inaweza kuwa amiba, na inaweza kuwa warfarini imeshazidi kabla hata hajameza kidonge kimoja cha metronidazoli. Kuharisha, homa na kukosa hamu ya kula vyenyewe hupandisha INR, hasa kama mchicha na mboga nyingine za majani zimekoma ghafla. Kwa hiyo kabla ya lolote pima INR ya leo, wingi wa damu na choo, na uulize kama anaweza kuwa mjamzito.

Kisha jiulize kama metronidazoli inahitajika. Kama hadubini haikuonyesha amiba, huenda hatari yote hii haina sababu. Ikionyesha amiba waliomeza chembe nyekundu za damu, dawa inahitajika, na kubadili kwenda tinidazoli hakukuondoi kwenye tatizo, kwa kuwa nayo ni ya ukoo huohuo.

Hapo ndipo jopo hutega: "Kwa nini usisimamishe warfarini kwa hizo siku 5?" Jibu lipo kwenye vali. Damu ikiganda kwenye vali ya bandia, vali inaweza kukwama au bonge likaenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, na vali ya mitrali ina hatari kubwa kuliko ya aota. Angekuwa anatumia warfarini kwa bonge la mguu lililotibiwa miezi mingi iliyopita, mizani ingelala upande mwingine. Mwingiliano ni uleule, lakini uamuzi hauwi mmoja.

Tuseme INR ya leo ni 3.3, damu kwenye choo ni kidogo na himoglobini haijashuka. Ningepunguza warfarini kwa takriban robo: leo nusu kidonge, kesho kizima, kwa kupokezana, hadi metronidazoli iishe. Lakini INR ikiwa 5.5 na damu inaendelea kutoka, huyo halali nyumbani: warfarini inasitishwa kwa muda na INR inarudiwa kesho. Vitamini K hapo huamuliwa pamoja na daktari wa moyo, maana dozi kubwa isiyo ya lazima huacha vali bila kinga kwa siku kadhaa.

Utaulizwa pia lini upime tena. Siku ya 3 hadi ya 5, na uwe na sababu. Warfarini huchukua takriban saa 40 kupungua kwa nusu, na protini za kugandisha damu zilizokwisha kutengenezwa lazima kwanza ziishe. Ya namba saba huisha upesi, ya namba mbili huchukua siku kadhaa. INR ya kesho yake inaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari. Ukitaja tarehe ya kurudi, taja na nani atapima. Kama kituo cha karibu na kwao hakina kipimo, mlaze au mtafutie pa kukaa mjini. Hiyo ni sehemu ya tathmini ya hatari, na watahini wazuri huisubiri. Metronidazoli ikiisha, kizuizi kinaondoka ndani ya siku chache, basi rudisha dozi ya zamani na upime tena baada ya wiki moja.

Usisahau tumbo linalokata. Akinunua diklofenaki dukani, INR inaweza isibadilike kabisa na bado akatoka damu tumboni, kwa kuwa dawa hiyo hugusa chembe sahani na ukuta wa tumbo. Mwandikie parasetamoli, kiasi kidogo na kwa siku chache, maana gramu 2 au zaidi kila siku kwa siku mfululizo nazo hupandisha INR.