Rangi ya mafuta ikiingia kwenye shati la pamba, maji yaje mwisho

Nilikuwa nimemaliza mkono wa pili wa bluu kwenye geti la chuma, nimekaa kivulini nakula. Kijana wa jirani katoka shule, akaegemea geti akimsubiri mwenzake. Alipogeuka, shati lake jeupe la pamba lilikuwa na bapa la bluu begani, ukubwa wa kiganja. Mama yake akatoka ndani na beseni la maji na sabuni ya unga, mikono ishakunjwa.

"Dada, naomba usilitie maji hilo," nikamwambia.

"Sasa nguo inafuliwa na nini, fundi?"

Swali lake ni la haki, na ndilo linaloharibu mashati mengi. Rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani ndani, unaikimbizia bombani ikiwa mbichi na inatoka. Rangi ya mafuta ni habari nyingine. Maji hayaigusi, na uzi wa pamba ukishanywa maji unavimba na kujaa. Dawa ya kuyeyushia rangi haichanganyiki na maji, kwa hiyo ukija kuimwaga baadaye inateleza juu ya uzi uliojaa, wakati rangi imejibanza ndani. Ukitia maji ya moto ndiyo umeiharakisha kukauka.

Nieleze kidogo inavyokauka, maana hapo ndipo unajua una muda gani. Rangi ya mafuta inakauka mara mbili. Kwanza kile kiyeyushi kilichomo kwenye kopo kinaruka hewani, rangi inaanza kunata. Halafu mafuta yake yanavuta oksijeni na kushikana yenyewe kwa yenyewe, yanageuka kuwa ngozi ngumu. Ikifika hapo, kiyeyushi kilekile kilichokuwa kinailainisha hakiirudishi tena kuwa maji. Makopo mengi huandikwa kwamba rangi hukauka kwa kugusa ndani ya saa 4 hadi 6 na kukaza siku inayofuata. Ila hayo ni ya ukutani au kwenye chuma. Kwenye nguo rangi imesambaa nyembamba na inapata hewa pande zote mbili, tena ukiwa na jua la mchana, basi usihesabu saa hizo. Mimi najipa saa moja ya kazi rahisi, na baada ya hapo kila nusu saa inaongeza jasho.

Nilivyohitaji siku ile: tapentaini ya dukani, ile ambayo wengine huiita waiti spiriti, robo lita ilitosha na kubaki, vitambaa vya pamba vyeupe visivyo na kazi, kama sita, kijiko, mswaki wa zamani, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Vitambaa viwe vyeupe kweli. Kitenge kikuukuu kinaweza kutoa rangi yake, ukaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kazi yote ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

Hatua ya 1: Livue bila kulipaka. Fungua vifungo vyote, usilipitishe kichwani. Likunje ili sehemu yenye rangi isiguse mgongo wala mkono wa pili. Inaonekana jambo dogo, lakini nimeona doa moja likawa matatu kwa sababu ya haraka ya kuvua.

Hatua ya 2: Chota, usifute. Tandaza shati na utumie ukingo wa kijiko kuinua rangi iliyokaa juu, ukitoka pembeni kuelekea katikati. Kila mchoto mmoja, futa kijiko. Ukifuta kwa kitambaa unaisukuma rangi ndani ya uzi na kuitanua. Kama ni tone zito lililodondoka kutoka kwenye brashi, hatua hii peke yake inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya rangi. Kwenye bapa la geti hakukuwa na mengi ya kuchota, niliambulia kidogo tu.

Hatua ya 3: Jaribu pasipoonekana. Tia tone la tapentaini kwenye upindo wa ndani, bana na kitambaa cheupe kwa dakika moja. Shati jeupe halina wasiwasi, lakini la rangi linaweza kuchuja. Fulana yenye maandishi ya kuchapwa ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu yale maandishi ya mpira yanaweza kulainika na kubanduka.

Hatua ya 4: Shambulia kutoka nyuma. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiikimbize. Kunja kitambaa kimoja mara nne, kiweke juu ya ubao au meza. Laza shati juu yake likiwa limegeuzwa, upande wenye rangi ukitazama chini na kugusa kitambaa. Sasa chukua kitambaa cha pili, kiloweshe tapentaini, kisha gonga taratibu kwenye mgongo wa doa. Anza nje ya doa kwa upana wa kidole, zunguka ukiingia ndani. Tapentaini inashuka kupitia uzi, inaibeba rangi na kuiacha kwenye kitambaa cha chini. Rangi inatoka kwa njia ileile iliyoingilia, badala ya kupitishwa katikati ya nguo nzima.

Baada ya kama nusu dakika inua shati. Utakuta mhuri wa doa kwenye kitambaa cha chini. Wa kwanza siku ile ulikuwa bluu iliyoiva kabisa, kama geti lenyewe. Sogeza shati kwenye sehemu safi ya kitambaa, rudia. Watu wengi wanakosea hapahapa: wanabaki kwenye sehemu ileile, na ile rangi iliyotoka inanyweka tena kurudi kwenye shati. Mhuri wa tatu ulikuwa bluu ya anga. Wa sita ulikuwa kivuli tu. Wa nane sikuona kitu. Hesabu ya mihuri ndiyo saa yako. Macho kwenye shati yanadanganya, kwa sababu pamba iliyolowa huwa inaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Kama kuna mahali pamekaidi, hasa kwenye mshono wa bega ambapo nguo imekunjwa mara mbili, ndipo mswaki unaingia. Uchovye kwenye tapentaini na ugonge kwa ncha za nywele zake. Usisugue ukienda na kurudi, utanyanyua manyoya ya pamba na kubakiza kiraka kilichofifia hata kama rangi imetoka yote.

Hatua ya 5: Sabuni kabla ya maji. Mihuri ikishatoka safi, shati lingali limelowa tapentaini, mimina sabuni ya maji moja kwa moja kwenye doa, kijiko kimoja cha chakula kwa eneo la kiganja. Fikicha kwa vidole polepole kwa dakika tano hivi. Sabuni inashika tapentaini pamoja na mabaki ya rangi, ili maji yakija yaweze kuyabeba. Ukiruka hatua hii, maji yatakuta mafuta, yatapita pembeni, na shati likikauka utaona mduara wenye ukingo mahali doa lilipokuwa.

Hatua ya 6: Sasa maji. Ya vuguvugu, ya kuweza kuogea mtoto. Yanapogusa pale penye sabuni utaona yanageuka meupe kama maziwa, na hiyo ni dalili kwamba tapentaini inatoka. Suuza, tia sabuni tena, suuza. Kisha lishike shati juani, mwanga upite nyuma yake. Bado kuna wingu la bluu? Likamue ndani ya taulo hadi lisidondoshe, likae kivulini likauke kabisa, ndipo urudi hatua ya 4. Sasa unaelewa kwa nini nilisema usikimbilie maji: kurudi nyuma kunakula muda ambao rangi inautumia kukaza.

Likishatoka safi, fua kwa mkono kama kawaida, peke yake. Nguo yenye harufu ya tapentaini haiingizwi kwenye mashine ya kufulia wala ya kukaushia, mvuke wake unawaka. Anika kivulini, na pasi isiliguse mpaka uwe umelitazama likiwa kavu. Joto la pasi linakaza kilichobaki.

Shati la yule kijana lilituchukua kama dakika arobaini. Begani palitoka kabisa. Kwenye mshono kulibaki kiuzi cha bluu ambacho mama yake alikigundua kesho yake na kunionyesha kwa kidole. Nikakubali. Ile bluu ina unga wa rangi wenye nguvu, na chembe zake zikiingia kati ya nyuzi zilizoshonwa, kiyeyushi kinaondoa gundi yake ila chembe zinabaki. Redioksaidi ya chuma nayo ina tabia hiyo, inaacha wekundu kama wa kutu. Jiki haisaidii hapo, inachubua pamba na kuiacha rangi ilivyo.

Watu huuliza kuhusu mbadala. Mafuta ya taa yanafanya kazi, kwa kuwa ni ndugu wa tapentaini, ila ni mazito, yanaacha harufu na unyevu wa mafuta, hivyo hatua ya 5 utairudia mara mbili au tatu. Thina inakata haraka zaidi, na wakati mwingine naitumia kwa rangi iliyoanza kunata. Tatizo lake inaruka hewani upesi mno, kabla haijaishusha rangi kwenye kitambaa, na baadhi ya vifungo vya plastiki inavilainisha mpaka vinashika alama ya kidole. Petroli hapana. Mvuke wake unawaka hata kwenye baridi, na unasambaa chini chini hadi ukute moto ulipo.

Kama umechelewa, gusa doa kwa ukucha. Likiacha alama na kunata, hujachelewa: weka kitambaa chenye tapentaini juu yake, funika na mfuko wa plastiki ili isiruke, acha dakika kumi na tano, halafu uanze hatua ya 4. Ukucha ukiteleza kama juu ya kopo lililokauka, hiyo ni ngozi tayari. Utaweza kuikwangua juujuu, lakini iliyo ndani ya uzi ni ya kudumu. Lifanye shati la kazi.

Mwisho vile vitambaa. Usivifinyange pamoja kwenye ndoo au kona ya stoo. Mafuta ya rangi yanapovuta oksijeni yanatoa joto, na kwenye lundo lile joto halina pa kwenda, vitambaa vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, kwenye kamba au juu ya mawe, vikauke mpaka vikakamae, ndipo uvitupe. Tapentaini iliyobaki irudi kwenye chupa yake yenye lebo. Kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto hasomi, anaona chupa ya soda tu.