Kuifanya shafo ya kompyuta isikike imepigwa na mtu

Ukitaka kujua kama shafo imechorwa kwa mausi au imepigwa na mtu, usianze na kiki. Sikiliza snea, hasa vile vipigo vidogo vinavyojificha katikati ya hihati. Hapo ndipo mkono wa mpigaji hujulikana. Ndiyo maana nimechagua shafo ya nusu mwendo, ile iliyobeba jina la Bernard Purdie, mpiga dramu wa Marekani: imejaa vipigo hivyo kuliko shafo nyingine ninazozijua.

Shafo ni mwendo wa kuchechemea. Kila pigo hugawanywa mara tatu. Sehemu ya kwanza na ya tatu husikika wazi, ya kati huachwa au hunong'onwa. Katika nusu mwendo, snea kubwa haiji kwenye pigo la 2 na la 4. Inakuja mara moja tu katika kipimo, kwenye pigo la 3.

Hatua ya 1: Andaa gridi na uchore mdundo mkavu

Weka kasi ya mapigo 125 kwa dakika. Kasi hii inarahisisha hesabu, kwa sababu kila pigo linachukua milisekunde 480, na kila theluthi ya pigo milisekunde 160. Kama unatumia FL Studio, fungua `Project general settings` na upandishe `Timebase (PPQ)` kutoka 96 hadi 960. Ukibaki kwenye 96, tiki moja ni milisekunde 5, na hiyo ni hatua kubwa mno kwa kazi hii. Kwenye 960, tiki mbili ni milisekunde moja.

Gridi iwe ya tripleti, nafasi 12 kwa kipimo. Swingi ya programu izime kabisa. Tripleti zenyewe tayari zinachechemea. Ukiongeza swingi juu yake, mdundo unachechemea mara mbili na utasumbuka kutafuta kosa liko wapi.

```
     1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12
HH   x  .  x  x  .  x  x  .  x  x  .  x
SD   .  o  .  .  o  .  X  o  .  .  o  .
BD   X  .  .  .  .  .  .  .  x  .  .  .
```

`HH` ni hihati, `SD` ni snea, `BD` ni kiki. Alama ya `o` ni minong'ono: vipigo vya snea ambavyo fimbo inadondoka tu kutoka kimo cha vidole viwili hivi.

Hatua ya 2: Nguvu ya kila pigo

Fanya velositi kabla ya kugusa muda. Mara nyingi mdundo unaosikika kama mashine una tatizo la nguvu tu, na ukianza kusogeza noti utakuwa unatibu goti wakati kinachouma ni mgongo.

Hihati za mwanzo wa pigo, yaani nafasi ya 1, 4, 7 na 10, zipe kati ya 84 na 92. Zile za kuchechemea, nafasi ya 3, 6, 9 na 12, zipe kati ya 55 na 66. Mpigaji hupata tofauti hii kwa mwendo mmoja wa mkono: ukishuka, shingo ya fimbo inagonga ukingo wa hihati, ukipanda, ncha inagusa juu yake.

Snea kubwa ya nafasi ya 7 ipe 114. Kisha minong'ono: nafasi ya 2 ipe 24, ya 5 ipe 30, ya 11 ipe 34, na ya 8 ipe 18 tu. Hiyo ya 8 ndiyo ngumu kuliko zote kwa mpigaji wa kweli. Mkono wa kushoto umetoka tu kupiga kwa nguvu zote, na una milisekunde 160 za kuizuia fimbo isiruke juu na kuigusa ngozi tena kwa upole. Ukiipa nguvu sawa na wenzake, sikio linaanza kuhisi mikono mitatu. Kiki ya 1 ipe 104, ya 9 ipe 86.

Sasa sikiliza snea peke yake, kwa sauti ya juu. Kama minong'ono inasikika kama snea kubwa iliyopunguzwa sauti, basi sampuli yako ina tabaka moja tu, na velositi inabadilisha ukubwa wa sauti bila kubadilisha rangi yake. Snea iliyoguswa kidogo haina ule mlio mkali wa juu. Tafuta sampuli ya pigo laini uiweke kwenye chaneli yake, au weka minong'ono kwenye chaneli ya peke yake na ukate sauti za juu kwa filta.

Hatua ya 3: Muda

Kwanza vuta karibu umbo la wimbi la kila sampuli. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikisogeza kiki huku na huku, kumbe faili lenyewe lilikuwa na ukimya mrefu mwanzoni. Kata ukimya huo kwanza, la sivyo namba zote zinazofuata zitakudanganya.

Kiki ya 1 na hihati za mwanzo wa pigo ziache kwenye gridi. Hizo ndizo nguzo. Snea kubwa ichelewe milisekunde 10, yaani tiki 20. Kwenye FL Studio shikilia `Alt` unapoburuta ili noti isinase kwenye gridi. Hihati ya nafasi ya 7 imebaki pale pale, kwa hiyo snea inaingia nyuma yake kidogo na pigo linanenepa. Ukifika milisekunde 25 au 30 utaanza kusikia mapigo mawili badala ya pigo moja nene. Hapo umezidisha, rudi.

Hihati za kuchechemea zichelewe milisekunde 8. Zilikuwa milisekunde 320 baada ya pigo, sasa ni 328, na mwendo unakuwa wa kuvuta miguu. Lakini minong'ono lazima iwafuate: ya 2, 5 na 11 ichelewe milisekunde 5, kwa sababu mkono wa kushoto unadondoka katikati ya hihati mbili za mkono wa kulia. Ya 8 ichelewe milisekunde 12. Mkono uliochelewa kwenye snea kubwa hauwezi kuwahi kwenye kipigo kinachofuata.

Hii ndiyo sababu siamini kitufe cha kuchanganya muda kiholela kwa kiasi kikubwa. Kinasogeza kila noti bila kujua ni ya mkono gani, na matokeo yake ni mpigaji mlevi. Kitumie mwishoni tu, kisizidi milisekunde 2 kila upande na velositi 3.

Ukibadilisha kasi, angalia namba upya. Kwa mapigo 90, tiki zile zile 20 zinakuwa karibu milisekunde 14. Na mwendo ukiwa wa haraka sana, wapigaji huwa hawachelewishi hihati ya kuchechemea. Huisogeza karibu zaidi na katikati ya pigo.

Hatua ya 4: Vipimo vinne, kisha besi

Nakili kipimo mara nne. Usiguse muda, badilisha nguvu tu. Kwenye kipimo cha 2 punguza mnong'ono wa 5 hadi 22, kwenye cha 3 futa ule wa 2, na kwenye cha 4 pandisha hihati ya 12 hadi 78 ili isukume kurudi mwanzo. Ukiweka fili ya tamtam, futa hihati zote zilizo chini yake, kwa maana mkono uliokuwa unazipiga umeondoka.

Mwisho leta besi. Kama imenaswa kwenye gridi, noti zake za kuchechemea zitatangulia hihati kwa milisekunde 8, na dramu zitasikika zimechoka hata kama hujakosea popote. Sogeza noti hizo za besi kwa kiasi kile kile. Zile za mwanzo wa pigo ziache na kiki.